Kusoma mipaka katika hati za kale za mashamba Zanzibar

Hati nyingi za mashamba zilizoandikwa Unguja na Pemba kabla ya mwaka 1964 hazina ramani wala vipimo vya mita. Mwandishi alitaja pande nne za shamba na kueleza kila upande unapakana na nini: shamba la jirani, mto, njia au mti. Anayeishika hati kama hiyo leo hukuta majina ya watu waliokwisha kufariki na miti iliyokwisha kuanguka. Hata hivyo, shamba laweza kuonekana tena iwapo hati itasomwa kwa mpango.

Jambo la kwanza ni pande zenyewe. Hati hutaja kibla, suheli, matlai na magharibi. Kwa kuwa Makka iko karibu kaskazini kamili ya Zanzibar, kibla katika hati ni kaskazini. Suheli, ambalo pia ni jina la nyota ya kusini, ni kusini. Matlai ni mashariki, jua linakochomoza. Pande hizo si za dira. Shamba lililokaa mshazari liliandikwa kwa upande ulio karibu zaidi, hivyo mpaka "wa kibla" waweza kuelekea hata kaskazini mashariki.

Chukua mfano wa kubuni wa hati ya Pemba ya mwaka 1345 Hijria, yaani 1926 au 1927. Inataja shamba la mikarafuu 120 na minazi 30. Kibla linapakana na shamba la warithi wa jirani aliyetajwa kwa jina. Suheli na mto. Matlai na njia iendayo msikitini na mbuyu ulio kando yake. Magharibi na shamba la muuzaji.

Utafutaji huanza na alama inayodumu, si na ile iliyoandikwa kwanza. Mkarafuu na mnazi hufa na kupandwa upya, lakini mbuyu huishi karne nyingi, na msikiti mara nyingi hujengwa upya palepale. Katika mfano huu, njia na mbuyu hutoa mpaka wa mashariki. Kisha hufuatwa mto. Mto mdogo huhama bondeni, hivyo wazee huulizwa ulipitia wapi zamani, na mkondo mkavu hutafutwa kabla ya kukubali kuwa maji ya leo ndiyo mpaka.

Mpaka wa kibla hauwezi kuonekana kwa macho, kwa kuwa unategemea jina la mtu. Hapo inatafutwa hati ya jirani huyo. Ikiwa ni ya wakati unaokaribiana, inapaswa kulitaja shamba hili upande wake wa suheli. Hati mbili zinapotajana hivyo, mpaka umethibitika kutoka pande zote mbili. Zisipotajana, huenda shamba jingine limo katikati, au moja kati ya hizo iliandikwa baada ya mauzo mengine. Neno "warithi" nalo ni onyo: shamba lile huenda limegawanywa, na jirani wa leo akawa na kipande tu.

Upande wa magharibi ndio mgumu kuliko yote. "Shamba la muuzaji" maana yake ni kuwa kipande hiki kilikatwa kutoka shamba kubwa, na mpaka uliwekwa siku ya mauzo. Hati ya muuzaji huonyesha ukingo wa nje wa shamba zima tu. Kinachobaki ni idadi ya miti. Mikarafuu ikipandwa kwa nafasi ya mita 7 na minazi kwa mita 9, miti ya mfano huu inahitaji takriban eka mbili. Hesabu hiyo ni ya kukadiria, lakini eneo lililozungukwa likifika eka tano, upande mmoja umesomwa vibaya.

Hati pia yapaswa kuangaliwa kama inauza ardhi au miti tu, kwa kuwa katika desturi ya Zanzibar miti huweza kuwa na mwenyewe mbali na mwenye ardhi.

Baada ya Mapinduzi ya 1964, ardhi iliwekwa chini ya Serikali na mashamba mengi yakagawiwa wananchi kwa eka tatu tatu. Kwa hiyo kuonekana kwa mipaka ya zamani hakutoshi kuthibitisha haki ya sasa. Hujibu tu swali la shamba lilikuwa wapi. Haki ya kulitumia ni suala la mamlaka za ardhi. Kabla ya kusimika alama yoyote, mipaka hutembelewa pamoja na sheha na majirani wa pande zote nne, na mpimaji hurekodi pale walipokubaliana.