Sahihi Isiyotosha

Kiswahili kina neno moja, sahihi, lenye maana mbili: alama ya mkono wa mtu kwenye karatasi, na jambo lisilo na kosa. Katika kitabu cha mazoezi cha mwanafunzi wa ukunga, maana hizo mbili hazikutani kila mara.

Mwanafunzi akirudi bwenini na kusema, “Sista amenisainia,” huenda amesainiwa kwamba alikuwepo zamu. Huenda pia msimamizi amemwona kwa macho yake akifanya kazi na kuridhika kwamba anaiweza. Hilo la pili ndilo linalohitaji istilahi yake. Umahiri, au umilisi kama wanavyosema zaidi Kenya, ni kuweza kutenda, na tendo hilo lina shahidi. Kwa hiyo “uthibitisho wa umahiri” unafaa kuliko “kusainiwa”.

Tuchukue kazi moja: kuzuia mama asivuje damu nyingi baada ya kujifungua. Mtoto akishatoka, mkunga hupapasa tumbo kuhakikisha hakuna pacha, kisha humchoma mama oksitosini yuniti 10 kwenye msuli, ndani ya dakika moja. Kondo huvutwa polepole kwa kitovu, mkono mwingine ukiuzuia mji wa mimba usishuke. Baadaye kondo hukaguliwa, kisije kikabaki kipande ndani.

Katika kitabu, kazi hiyo yote inapata mstari mmoja: tarehe, namba ya mama kwenye rejesta ya wazazi (si jina lake), na kiwango cha ushiriki, yaani alitazama, alisaidia, au alifanya mwenyewe akisimamiwa. Tuseme mwanafunzi amezalisha mara mbili. Mara ya kwanza msimamizi anaandika: “Sindano kwa wakati. Hakupapasa tumbo kwanza. Arudie.” Mara ya pili anapapasa bila kukumbushwa, na hapo ndipo anathibitishwa. Ule mstari wa kwanza haufutwi, maana ndio unaoeleza huo wa pili ulikotoka.

Hesabu peke yake haitoshi. Umoja wa Ulaya, katika sheria yake ya 2005, unamtaka mwanafunzi wa ukunga azalishe kwa kawaida wanawake 40. Lakini anaweza kufikisha 40 na bado asahau lile tumbo. Uingereza, tangu viwango vya 2018, imemtenganisha anayemsimamia mwanafunzi wodini kila siku na anayempima, ili ukaribu wa zamu usigeuke huruma ya kalamu.

Huruma hiyo huonekana wiki ya mwisho, vitabu vinapopangwa mezani kama sahani za harusi. Kurasa kumi zina wino uleule na mwandiko uleule wa haraka. Mkufunzi mwenye shaka hahitaji kumhoji mtu: anachukua namba moja ya mama, anaifungua rejesta, na kuangalia kama tarehe zinalingana na kama mwanafunzi alipangiwa zamu siku hiyo.