Nani Alimwondoa Nambari Moja?

Kila yanapozuka mazungumzo ya Star Trek hurudiwa kisa kile kile. Eti mwaka 1965 wakuu wa NBC walitazama kipindi cha kwanza cha majaribio, wakamwona mwanamke akiwa msaidizi mkuu wa nahodha, wakaamuru aondolewe. Msimuliaji wa awali ni Gene Roddenberry, aliyekibuni kipindi hicho. Alipenda kutania kwamba aliambiwa amtoe mwanamke pamoja na yule mwenye masikio marefu. Yeye akambakiza wa masikio na kumwoa mwanamke. Ni utani mtamu, na utani mtamu haufanyiwi uchunguzi.

Utaratibu wenyewe unajulikana. Katika runinga ya Marekani, studio hupiga kipindi kimoja cha majaribio, kituo hukitazama, kisha huamua kununua au kukataa. Mara nyingi kinachofika hewani huwa kimebadilika: ile picha ya kwanza ya Game of Thrones ilikuwa na Daenerys mwingine, Tamzin Merchant. Lakini mabadiliko mengi ya aina hiyo ni ya sura tu. Ya Star Trek yalifika kwenye tabia za watu.

Kipindi hicho, The Cage, kilipigwa mwishoni mwa 1964 na kampuni ya Desilu. Nahodha ni Christopher Pike, aliyeigizwa na Jeffrey Hunter, mtu mpole aliyechoshwa na majukumu. Msaidizi wake hana jina, anaitwa Nambari Moja tu. Ni Majel Barrett, mwenye akili kali na uso usioonyesha hisia. Spock, yule wa masikio marefu, yumo, lakini si tunayemfahamu. Anapiga kelele, na kwenye sayari ya Talos anashika majani yanayotoa mlio kisha anatabasamu hadharani.

NBC ilikikataa, lakini ikafanya jambo la nadra: iliagiza cha pili. Hunter hakutaka kurudi, William Shatner akaja na nahodha mpya, Kirk. Kipindi cha pili kilipigwa Julai 1965, bila Nambari Moja. Ubaridi wake ukahamia kwa Spock. Leonard Nimoy ameeleza kwamba mbele ya Hunter aliyejikunja ilimbidi yeye achangamke. Shatner alipokuja na moto wake, Nimoy akapata nafasi ya kutulia. Kwa hiyo Spock mashuhuri ni zao la mambo mawili: mwigizaji mmoja kukataa kazi, na mhusika mwingine kufutwa.

Sasa, nani alimfuta? Herbert Solow, aliyekuwa mkuu wa uzalishaji Desilu, na Robert Justman, mtayarishaji mwenzake Roddenberry, waliandika kitabu mwaka 1996 ambacho wapenzi wengi wa Star Trek hukipita haraka. Wanasema NBC haikuchukia mwanamke kuwa na cheo. Ilichochukia ni kwamba cheo hicho alipewa Barrett, mpenzi wa Roddenberry wakati huo yeye akiwa bado na mke, na iliona uwezo wake hautoshi kubeba nafasi kubwa hivyo.

Nina sababu ya kuwaamini. Kama tatizo lilikuwa mwigizaji, tiba ilikuwa kumpa mwingine nafasi hiyo. Nahodha alipoondoka, kiti chake hakikufutwa. Cha msaidizi kilifutwa, na kalamu ilikuwa mkononi mwa Roddenberry. Mnaomtetea, sikilizeni pia mazungumzo ya The Cage yenyewe: Pike anasema hajazoea kuwa na mwanamke kwenye chumba cha uongozi, kisha anamgeukia msaidizi wake na kumhakikishia kwamba yeye ni tofauti. Maneno hayo hayakuandikwa na NBC.

Barrett alirudi akiwa nesi Chapel, nywele zimegeuzwa rangi ya dhahabu. Suruali ambazo wanawake walivaa katika vipindi vyote viwili vya majaribio ziligeuka sketi fupi. Kwa upande mwingine aliingia Luteni Uhura wa Nichelle Nichols, ambaye hakuwepo katika chochote kilichopigwa kabla, na jina lake wasomaji wetu hawahitaji kuelezwa limetoka wapi.

Mwaka 1966, fedha na muda vikiwa vimebana, Roddenberry alikata vipande vya The Cage akavishona ndani ya kipindi cha sehemu mbili, The Menagerie, kama kumbukumbu za miaka kumi na mitatu nyuma. Malachi Throne, aliyempa sauti mkuu wa Talos, sasa aliigiza mtu mwingine, ndiyo maana sauti ile ya zamani ikabadilishwa kwa mitambo. Kwa usiku mbili Spock alitabasamu mbele ya Marekani, na mwanamke yule asiye na jina akatoa amri akiwa na suruali yake. Aliyerusha matangazo hayo ni NBC.