Mmiliki aliyesajiliwa na mtumiaji mkuu wa gari (bima)

Mmiliki aliyesajiliwa na mtumiaji mkuu ni watu wawili ambao kampuni ya bima huwatofautisha inapokata bima ya gari. Mmiliki aliyesajiliwa ni yule ambaye jina lake limeandikwa kwenye kadi ya gari. Mtumiaji mkuu ni yule anayeliendesha mara nyingi kuliko wengine. Mara nyingi ni mtu mmoja. Wakiwa wawili si kosa, mradi kampuni imeelezwa ukweli. Tatizo huanza pale maelezo ya fomu yanapotofautiana na matumizi halisi, na kwa kawaida hugunduliwa baada ya ajali.

Sababu ya kuulizwa

Kadi haionyeshi nani hushika usukani. Nchini Uingereza kadi ya usajili, iitwayo V5C, hata si uthibitisho wa umiliki. Inamtaja mtu anayewajibika kwa usajili wa gari tu. Kwa hiyo kampuni huuliza maswali tofauti: gari ni la nani, limesajiliwa kwa jina la nani, nani huliendesha zaidi, na hulala wapi usiku. Ada ya bima hutegemea sana jibu la swali la tatu, kwa kuwa dereva kijana asiye na uzoefu hutozwa zaidi kuliko mtu mzima mwenye miaka mingi barabarani bila ajali. Baadhi ya wazazi hujiandikisha kuwa madereva wakuu na kumweka mtoto kama dereva wa ziada, ili ada ishuke. Wakifanya hivyo kwa kujua, ni udanganyifu.

Sheria ya Uingereza

Sheria ya mwaka 2012 kuhusu maelezo ya wateja wa bima, iliyoanza kutumika Aprili 2013, inamtaka mteja awe mwangalifu asitoe maelezo yasiyo ya kweli. Kampuni ikitaka kupunguza au kukataa fidia, ni lazima ionyeshe kwamba ingejua ukweli isingekata bima hiyo, au ingeikata kwa masharti mengine.

Mteja aliyedanganya kwa makusudi, au bila kujali kama asemayo ni kweli, anaweza kufutiwa mkataba na kunyimwa fidia yote. Kwa kawaida ada yake pia hairudishwi. Aliyekosea kwa uzembe hutendewa kwa upole zaidi: kama kosa lilishusha ada tu, fidia hupunguzwa kwa uwiano wa ada iliyolipwa na ada iliyostahili.

Mfano

Mama ana gari lililosajiliwa kwa jina lake, naye ndiye dereva mkuu. Binti yake anaanza chuo katika mji mwingine na kuondoka nalo. Bima inapohuishwa, kampuni inamwomba mama athibitishe maelezo ya zamani, naye anayaacha yalivyo bila kufikiri. Analipa pauni 600, ilhali kwa binti kama dereva mkuu ada ingekuwa pauni 1,500.

Miezi minne baadaye binti anapata ajali na gari linaharibika kabisa. Thamani yake ni pauni 8,000. Mchunguzi wa kampuni anaona risiti za gereji na kibali cha maegesho, vyote vya mji wa chuo, na binti mwenyewe anaeleza kwamba huliendesha kila siku. Kampuni ikikubali kuwa ulikuwa uzembe, italipa sehemu ya 600 kwa 1,500, yaani asilimia 40, ambayo ni pauni 3,200. Pauni 4,800 zinabaki hasara ya familia. Ikiona ilikuwa makusudi, inaweza isilipe chochote kwa gari hilo.

Mtu mwingine aliyeumizwa katika ajali hiyo hapotezi haki yake. Sheria ya barabarani ya mwaka 1988 huilazimu kampuni kumlipa, ingawa katika hali fulani inaweza kumdai mteja fedha hizo.

Afrika Mashariki

Kenya na Tanzania, ada ya bima kubwa ya gari binafsi kwa kawaida huhesabiwa kama asilimia ya thamani ya gari. Kwa sababu hiyo, mgogoro hutokea zaidi upande wa umiliki: gari limeuzwa, lakini kadi na bima bado vina jina la muuzaji. Bima ni mkataba na mtu, wala haihamii kwa mnunuzi pamoja na funguo. Gari likiibwa, muuzaji aliyekwisha kulipwa hana hasara ya kudai, na mnunuzi mwenye hasara hana mkataba. Sheria ya Kenya humhesabu mwenye jina kwenye usajili kuwa mmiliki mpaka ithibitishwe vinginevyo, hivyo mkataba wa mauzo na risiti za malipo ndivyo ushahidi wa kwanza wa mnunuzi. Vinathibitisha kwamba gari ni lake, lakini havimpatii bima ambayo hakuikata.