Kionga, Quionga na Faharasa ya Herufi Tatu: Historia ya Tahajia na Utafutaji wa Majina katika Pwani ya Kaskazini ya Cabo Delgado

Utangulizi

Kusini mwa mlango wa Mto Ruvuma kuna mji mdogo ambao jina lake limeandikwa kwa namna mbili. Wajerumani walioutwaa mwaka 1894 waliandika Kionga. Wareno waliouteka mwaka 1916 wakaandika Quionga. Matamshi ni yale yale, bali karani alibadilika. Makala haya yanaeleza jinsi faharasa za vipande vya herufi zinavyokabiliana na urithi huo, na kudai kwamba faharasa isiyojua historia ya makarani hupoteza watu.

Kutoka Soundex hadi trigramu

Mbinu kongwe ya kulinganisha majina ni Soundex, iliyosajiliwa hataza nchini Marekani mwaka 1918. Hiyo huhifadhi herufi ya kwanza na kuzigeuza konsonanti zinazofuata kuwa tarakimu. Kwa hiyo Kionga huwa K520 na Quionga huwa Q520, nayo hayakutani kamwe.

Trigramu hufuata njia nyingine. Jina hukatwa katika vipande vya herufi tatu tatu vinavyopishana. Katika programu ya PostgreSQL, nafasi mbili huongezwa mwanzoni na moja mwishoni. Hapa nafasi zimeonyeshwa kwa mstari wa chini:

```
kionga:  __k _ki kio ion ong nga ga_
quionga: __q _qu qui uio ion ong nga ga_
```

Kila kipande huwekewa orodha ya kumbukumbu zilizo nacho. Mtafutaji akiuliza jina, mashine huzikusanya orodha za vipande vyake tu, bila kupitia daftari zima. Kisha hugawanya idadi ya vipande vya pamoja kwa idadi ya vipande vyote visivyorudiwa. Hapa vinne vinashirikiwa kati ya 11, yaani 0.36. Kwa kuwa kizingiti cha kawaida cha PostgreSQL ni 0.3, Quionga anapatikana. Hata karatasi iliyochanika ikabakiza «cimbo» pekee hutoa vipande cim, imb na mbo, ambavyo vyote vimo katika Mocimboa.

Mahali faharasa inapokosea

Mocimboa lenyewe laonyesha mpaka wa mbinu hii. Mwandishi wa Kiswahili aliandikaye kwa sikio ataandika Musimbwa. Majina haya mawili yana vipande tisa tisa, lakini yanashirikiana viwili tu: 2 kwa 16, au 0.125. Tofauti tatu ndogo, zilizotawanyika ndani ya neno, zimeharibu karibu kila kipande.

Katika majina ya watu hatari ni kubwa zaidi. Tahajia ya Kireno huiacha H isiyotamkwa na mara nyingi huandika e mwishoni pale Mswahili aandikapo i; hivyo Hassani huwa Assane. Alama yao ni 3 kwa 12, yaani 0.25, chini ya kizingiti. Saidi na Saida, mwanamume na mwanamke, wanapata 4 kwa 8, yaani 0.5. Mtu mmoja ametenganishwa, wawili wamekaribishwa.

Tangu mashambulizi ya Mocímboa da Praia ya tarehe 5 Oktoba 2017, na ya Palma ya Machi 2021, familia zimetawanyika, nyingine zikivuka Ruvuma. Mtoto aliyeandikwa Assane upande mmoja aweza kutafutwa kama Hassani upande wa pili, na jibu la mashine likawa kwamba hayupo.

Tiba na mipaka yake

Tiba ni kuzitumia kanuni za makarani kabla ya kukata vipande: qu mbele ya i iwe k, c mbele ya i iwe s, oa iwe wa, H ya mwanzo iondolewe, e ya mwisho iwe i. Ndipo Quionga hulingana kikamilifu na Kionga, Assane na Hassani huwa kitu kimoja, na Mosimbwa hufikia 0.5 dhidi ya Musimbwa.

Hata hivyo, kanuni hufuta pia. Amade yaweza kuwa Hamadi au Ahmadi, majina mawili tofauti. Katika barua za pwani zilizoandikwa kwa hati ya Kiarabu tofauti hiyo huonekana tangu herufi ya kwanza. Katika daftari la Kireno imekwisha kupotea, wala hesabu yoyote haiwezi kuirudisha.

Hitimisho

Yapasa, basi, umbo lililoandikwa na karani lihifadhiwe kama lilivyo, na umbo lililosawazishwa liwe safu ya pili ya kutafutia tu. Alama ya ulinganifu ichukuliwe kuwa fununu, ipimwe kwa jina la baba, kijiji na umri. Na panapokosekana jibu, afisa asiandike «hayupo» kabla ya kuuliza jina hilo liliandikwa na karani wa upande gani wa mto.