Kuota upya kwa viungo: aksolotli na kiti cha pweza

Kuota upya kwa viungo ni uwezo wa mnyama kurudisha sehemu ya mwili iliyokatika, pamoja na mifupa, misuli, neva na ngozi yake, bila kubaki na kovu. Wanyama wawili wanaotajwa sana katika elimu hii ni aksolotli wa Meksiko na kiti cha pweza wa baharini. Aksolotli ndiye aliyechunguzwa zaidi, kwa kuwa mguu wake umejengwa kama mkono wa binadamu: mfupa mmoja juu, miwili chini yake, kisha kifundo na vidole.

Aksolotli

Aksolotli, kwa jina la kisayansi Ambystoma mexicanum, ni salamanda wa maziwa ya Xochimilco na Chalco katika bonde la jiji la Mexico. Tofauti na salamanda wengi, hapandi nchi kavu akikomaa. Hubaki majini na matamvua yake ya nje, na huzaa akiwa bado na umbo la utotoni. Mwaka 1864 aksolotli 34 walipelekwa Paris, ambako Auguste Duméril aliwazalisha kwa wingi, na wengi wa wale wanaofugwa leo katika maabara za dunia wana asili katika kundi hilo. Jenomu yake, iliyochapishwa mwaka 2018, ina herufi bilioni 32, yaani mara kumi ya jenomu ya binadamu.

Jinsi mguu unavyoota

Mguu ukikatwa, damu huganda upesi na seli za ngozi ya juu hutambaa kutoka pembeni mwa jeraha hadi zikafunika kigutu chote, kwa kawaida ndani ya siku moja. Ngozi hiyo mpya haina tabaka la ndani, na hilo ni jambo la msingi. Kwa kukosa tabaka hilo, hugusana moja kwa moja na tishu zilizokatwa na kuzipelekea ishara za kukua. Mtafiti akiishona ngozi nzima juu ya kigutu, kama daktari anavyofanya kwa mgonjwa aliyekatwa mguu, hakuna kinachoota.

Neva nazo ni za lazima. Kigutu kilichoondolewa neva hufunga jeraha vizuri, lakini huishia hapo.

Siku chache baadaye, chini ya ngozi hiyo hukusanyika seli nyingi zinazogawanyika haraka, zikafanya kinundu cheupe kiitwacho blastema. Kwa muda mrefu iliaminika kwamba seli za blastema husahau zilikotoka na kuweza kuwa kitu chochote. Mwaka 2009 kundi la Elly Tanaka, wakati huo likiwa Dresden, Ujerumani, lilionyesha sivyo. Walipandikiza tishu kutoka kwa aksolotli ambao seli zao zinang'aa kijani, wakakata mguu na kufuatilia mng'ao ulikoelekea. Seli za misuli zilitoa misuli, wala hazikugeuka gegedu. Seli zinazofunika neva zilirudi kufunika neva. Zilizokuwa na uhuru kiasi ni seli za tabaka la ndani la ngozi, ambazo ziliweza kutoa gegedu pia, lakini hazikutoa misuli. Kwa hiyo blastema ni mkusanyiko wa seli za aina mbalimbali, kila moja ikiwa na kazi yake.

Seli hizo hukumbuka pia zilipokuwa zimekaa. Mguu ukikatwa kwenye kifundo huota kiganja tu, ukikatwa begani huota wote. Mwaka 2025 kundi hilohilo, sasa likiwa Vienna, lilieleza sehemu ya kumbukumbu hiyo. Seli za upande wa kidole kidogo huiacha jeni ya Hand2 ikifanya kazi kidogokidogo maisha yote. Mguu ukikatwa, Hand2 huongezeka na kuiwasha jeni ya Shh, ambayo ishara yake hukutana na ile ya upande wa pili na kusukuma ukuaji. Mguu ukikamilika Shh huzimika, Hand2 hubaki. Pande hizo mbili zisipokutana, blastema haiendelei.

Aksolotli mchanga humaliza kazi hii kwa wiki kadhaa, na mzee huchukua miezi. Uwezo huu una mipaka. Akilazimishwa kugeuka kuwa mnyama wa nchi kavu kwa kupewa homoni ya tezi ya shingoni, huota polepole na mara nyingi mguu hutoka na kasoro. Mguu uleule ukikatwa tena na tena, nao hatimaye huacha kuota sawasawa.

Makrofaji na kovu

Mwaka 1882 huko Messina, Sisilia, Elie Metchnikoff alichoma miiba ya waridi ndani ya lava angavu wa kiti cha pweza na kuona seli zinazotembea zikiizunguka. Hapo ndipo ulipoanza ufahamu wa seli zinazomeza uchafu na vijidudu mwilini, ambao ulimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1908. Makrofaji za binadamu ni za jamii hiyo.

Mwaka 2013 James Godwin, Nadia Rosenthal na mwenzao, wakifanya kazi nchini Australia, waliuliza iwapo aksolotli anazihitaji seli hizi ili kuota mguu. Waliwadunga wanyama dawa ya klodroneti iliyofungwa ndani ya vifuko vidogo vya mafuta. Makrofaji huvimeza vifuko hivyo na kufa, na seli nyingine hazidhuriki sana. Aksolotli waliopungukiwa makrofaji kwa sehemu tu walichelewa kuota. Waliozikosa kabisa tangu mwanzo hawakuota kitu: kigutu kilifungwa, ndani yake kolajeni ikajaa, na kovu likatokea kama kwa binadamu. Dawa ilipotolewa baada ya blastema kwisha kujengeka, mguu ulichelewa tu.

Sehemu nzuri kuliko zote ya jaribio hili ilifuata. Watafiti walisubiri makrofaji zirudi, wakakata tena kile kigutu chenye kovu, na safari hii mguu ukaota. Kumbe uwezo haukuwa umepotea; kovu lilikuwa limeuziba.

Kiti cha pweza

Kiti cha pweza hufunga jeraha kwa kukaza ukuta wa mwili, huku seli za majimaji ya ndani zikiganda na kuziba tundu. Hatengenezi blastema iliyo dhahiri kama ya aksolotli, na seli za mkono mpya hutoka sehemu mbalimbali za mwili. Ncha ya mkono, yenye doa la kuonea mwanga, hutokea kwanza, na sehemu ya katikati hujazwa baadaye. Kazi huchukua miezi mingi, hata zaidi ya mwaka, na mkono mpya hutambulika kwa ufupi wake. Spishi nyingi huhitaji kubaki na sahani ya katikati. Baadhi ya wale wa jenasi ya Linckia, waishio kwenye matumbawe ya Bahari ya Hindi na Pasifiki, huweza kuota mwili mzima kutoka mkono mmoja.

Matumizi katika tiba

Hakuna tiba ya kuotesha mkono wa mtu. Hata hivyo, ncha ya kidole cha mtoto iliyokatika huweza kuota ikiachwa bila kushonwa, jambo lililoandikwa na madaktari wa Sheffield, Uingereza, katika miaka ya 1970. Lengo la karibu ni kupunguza kovu, hasa kwenye majeraha ya moto na kwenye misuli ya moyo baada ya shambulio. Lakini makrofaji za binadamu huweza pia kuchochea kovu, na swali ni ishara zipi huzielekeza huko.

Hali porini

Ziwa Chalco lilikaushwa, na Xochimilco imebaki mifereji iliyochafuka, yenye perege na kapu walioletwa, ambao hula mayai na watoto wa aksolotli. Hesabu ya mwaka 1998 ilikadiria aksolotli 6,000 kwa kilomita ya mraba. Ya mwaka 2014 ilikadiria 36.