Sehemu ya 4: Kijana wa Shirazi aliyekula mkate na udongo

Mama zangu, kwenye sehemu iliyopita wengi mliuliza: "Sista, mbona mtoto wangu anakula anashiba, uji asubuhi, ugali mchana na ugali jioni, lakini kimo hakiendi?" Swali zuri. Badala ya kujibu kwa haraka nitawapa historia ya mgonjwa mmoja, maana kupitia yeye dunia ilijua kwamba kushiba na kupata madini ni vitu viwili tofauti.

Mwaka 1958, katika mji wa Shirazi huko Irani (ndiyo, Shirazi ileile ambayo watu wa pwani yetu wanaitaja kwenye asili zao), alikuwepo daktari kijana mwenye asili ya India anayeitwa Ananda Prasad. Akaletewa mgonjwa mwanaume wa miaka 21. Ukimwangalia ungesema ni mtoto wa miaka 10. Hana ndevu, hajabalehe, ngozi kavu imekwaruza, tumbo limejaa kwa sababu ini na bandama vimevimba, damu imepungua sana, na ni mzito hata wa kufikiri. Walipomuuliza anakula nini, jibu lilikuwa mkate. Mkate wa ngano isiyokobolewa, asubuhi mpaka usiku, karibu bila nyama wala maziwa. Na juu ya hapo alikula udongo, kama nusu kilo kwa siku.

Haikuwa kwamba yeye ni wa ajabu peke yake. Ndani ya muda mfupi walipatikana wengine kumi wa namna hiyohiyo kutoka vijiji vya karibu.

Sasa fikirini kama sisi wodini. Damu imepungua, basi unampa vidonge vya madini ya chuma. Walifanya hivyo, na pia wakamlisha chakula kizuri cha hospitali chenye nyama. Damu ikapanda, bandama ikanywea, na baada ya muda akaanza kubalehe! Lakini Prasad hakuridhika. Upungufu wa chuma unajulikana, unachosha, unapausha, ila haujulikani kwa kumzuia mtu kubalehe. Kwa hiyo kuna kitu kingine kilichokosekana, na kilirudi pamoja na ile nyama.

Alichokumbuka kilitoka kwa wafugaji. Tangu 1934 ilijulikana kwamba panya wasiopata zinki hawakui. Mwaka 1955 watafiti wa nguruwe walionyesha kwamba ngozi yao inakauka na kukakamaa kwa kukosa zinki, na ukiwazidishia kalsiamu kwenye chakula hali inakuwa mbaya zaidi. Kwa binadamu? Madaktari wengi wakati huo waliamini haiwezekani, kwa sababu zinki iko kwenye vyakula vingi, hata kwenye ngano yenyewe.

Prasad akahamia Misri, ambako vijiji vilikuwa na vijana wafupi wa aina hiyo. Kule hawakula udongo, ila walikuwa na minyoo na kichocho. Safari hii yeye na wenzake wakapima zinki kwenye damu na nywele, wakaikuta iko chini. Halafu wakafanya jambo ambalo Shirazi halikufanyika: wakatenganisha matibabu. Wengine walipewa zinki, wengine chuma, wengine chakula chenye nyama tu. Waliopewa zinki ndio waliokua haraka zaidi, kiasi cha sentimita 12 hadi 15 kwa mwaka mmoja. Hapo ndipo mshukiwa akajulikana. Hata hivyo Marekani ilisubiri mpaka 1974 ndipo zinki ikaingizwa kwenye orodha ya madini ambayo binadamu lazima ayapate kila siku.

Lakini swali la ule mkate lilibaki. Ngano isiyokobolewa ina zinki ya kutosha. Kwa nini anayekula mkate kutwa aikose?

Jibu liko kwenye kitu kinachoitwa fitati. Nafaka, maharage, karanga, vyote vinaitumia kuhifadhi fosforasi, na inakaa zaidi kwenye pumba na kiini. Ichukulieni kama mkono wenye vidole sita. Ikifika kwenye utumbo, inashika zinki na chuma na haiachii. Utumbo wa binadamu hauna uwezo wa maana wa kuivunja, kwa hiyo vyote vinatoka na choo. Kalsiamu nyingi kwenye mlo huohuo inafanya bonge hilo kuwa gumu zaidi, ndiyo siri ya wale nguruwe. Na kuna jambo wengi hawalijui: mwili wenyewe humwaga zinki utumbuni pamoja na maji ya kusagia chakula, kisha unaivuta tena. Fitati inaikamata hata hiyo. Kwa hiyo unapoteza ya kwenye chakula na kiasi cha akiba yako.

Mwaka 1971 mtafiti Reinhold alipima mikate ya eneo hilo la Irani. Mkate wa kijijini, ambao hauwekwi hamira, ulikuwa na fitati nyingi kuliko mikate ya mjini iliyoumuliwa. Kumbe hamira na ule muda wa unga kuumuka vinasaidia kuivunja fitati.

Sasa turudi jikoni kwetu. Najua kuna mama ameshafikia uamuzi: "Basi naacha dona, nahamia sembe." Hapana, usifanye hivyo! Ukikoboa mahindi unatupa fitati, ni kweli, lakini unatupa na zinki yenyewe. Bora ubaki na dona na ufanye kile hamira ilifanya kule mjini. Bibi zetu walishafanya, walipotengeneza togwa. Pika uji, uache upoe uwe vuguvugu, tia kimea cha ulezi, koroga, funika mpaka kesho. Kimea ndicho chenye nguvu ya kuvunja fitati, mahindi yenyewe hayana ya kutosha. Kama ni cha mtoto mdogo, kichemshe tena kabla ya kumpa. Maharage nayo yaloweke usiku na maji yale umwage. Kisha ongeza dagaa waliosagwa au kipande cha nyama kwenye sahani hiyohiyo, maana zinki ya nyama haiji na fitati.

Kuhusu vidonge: fitati inakamata kilichopo naye utumbuni wakati uleule. Kidonge cha chuma cha kliniki ukimeza katikati ya sahani ya dona na maharage, sehemu kubwa imepotea. Kimeze kati ya mlo na mlo, kwa maji. Chai na maziwa viwe saa nyingine. Kama umepewa na kalsiamu, iweke saa kadhaa mbali na chuma. Na zinki ya mtoto mwenye kuharisha, kamilisha siku 10 hadi 14 ulizoelekezwa hata kama choo kimeshakuwa kizuri siku ya tatu.

Si kila mtoto mfupi ana upungufu wa zinki. Minyoo, kuumwa mara kwa mara na chakula kidogo vyote vinadumaza, kwa hiyo mpeleke akapimwe kimo kwanza, usikimbilie duka la dawa.

Na wajawazito mnaokula pemba, mnajijua. Udongo nao unashika chuma na zinki utumbuni kama fitati. Yule kijana wa Shirazi alikuwa na vyote viwili. Hamu ya udongo mara nyingi inaendana na damu kupungua, kwa hiyo ukiisikia, mwambie nesi wako apime damu yako wiki hii.