Malipo ya Likizo kwa Wafanyakazi wa Zamu Zinazobadilika Nchini Uingereza

Mfanyakazi nchini Uingereza, Uskoti na Welisi ambaye saa zake za kazi hubadilika wiki hadi wiki ana haki ya kulipwa likizo kwa wastani wa mapato ya wiki 52 zilizopita. Utaratibu huo unawagusa wengi walioajiriwa katika nyumba za kulelea wazee, maghala na hoteli, wakiwamo wazungumzaji wa Kiswahili wanaoishi huko.

Hadi mapema mwaka 2020, wastani ulichukuliwa kutoka wiki 12 pekee. Aliyepumzika baada ya msimu wa kazi nyingi alinufaika, na aliyepumzika baada ya miezi ya ukame alipunjika, ingawa wote wawili waliweza kuwa wamefanya kazi sawa kwa mwaka mzima. Kuanzia Aprili 6, 2020, kipimo kikawa wiki 52. Ayalandi ya Kaskazini ina sheria zake za kazi, na huko wiki 12 zimeendelea kutumika.

Hesabu huanza na wiki kamili ya mwisho kabla ya likizo, kisha hurudi nyuma. Kwa kawaida wiki huhesabiwa kuanzia Jumapili hadi Jumamosi. Jambo linalowakanganya wengi ni kwamba wiki 52 zinazotakiwa ni zile ambazo mfanyakazi alipata malipo. Wiki isiyo na malipo yoyote inarukwa, na nafasi yake inachukuliwa na wiki ya nyuma zaidi, ilimradi hesabu isivuke wiki 104. Hata hivyo, wiki yenye zamu moja tu ya saa tatu hairukwi. Huingia katika hesabu pamoja na udogo wake.

Mfano ni mhudumu wa nyumba ya wazee anayelipwa pauni 13 kwa saa. Katika wiki 52 zilizopita hakupangiwa zamu kwa wiki nane, hivyo wiki zenye malipo ni 44, na jumla ya mapato yake humo ni pauni 16,016. Mwajiri anapaswa kurudi nyuma wiki nane nyingine. Katika kila moja ya wiki hizo mhudumu alifanya kazi saa 24, yaani pauni 312, na kwa wiki zote nane pauni 2,496. Jumla inakuwa pauni 18,512. Ikigawanywa kwa 52, malipo ya wiki moja ya likizo ni pauni 356.

Mwajiri asiyeziruka wiki tupu atachukua pauni 16,016 na kuzigawa kwa 52, apate pauni 308. Mhudumu atakuwa amepunjwa pauni 48 kwa kila wiki ya likizo. Kosa kubwa zaidi ni kutumia wiki nne za mwisho tu. Iwapo wiki hizo zilikuwa za saa 12 kila moja, atalipwa pauni 156, chini ya nusu ya stahili yake. Dalili ya kosa hili ni rahisi kuiona: malipo ya likizo yanayolingana na wiki chache za karibuni, ilhali mwaka kwa jumla ulikuwa na kazi nyingi zaidi.

Kwa aliyeajiriwa chini ya mwaka mmoja, hutumika idadi ya wiki kamili alizokwisha kufanya kazi. Kwa anayelipwa kwa mwezi, mshahara wa mwezi hugawanywa kwa saa alizofanya mwezi huo ili kupata malipo ya saa, kisha huzidishwa kwa saa za kila wiki. Hapo ndipo daftari la mfanyakazi mwenyewe la zamu linapokuwa na manufaa, kwa kuwa hati ya mshahara wa mwezi haionyeshi kila mara wiki ipi ilikuwa tupu.

Wastani haupangi urefu wa likizo. Kwa wafanyakazi wa saa zisizo maalumu, katika miaka ya likizo iliyoanza Aprili 1, 2024 au baadaye, likizo hukusanywa kwa asilimia 12.07 ya saa zilizofanyiwa kazi. Saa 100 huzaa saa 12 za likizo. Kuanzia wakati huo mwajiri anaruhusiwa pia kuongeza asilimia hiyo hiyo juu ya kila malipo, badala ya kusubiri likizo. Anayelipwa hivyo hadai wastani wa wiki 52 anapopumzika, lakini nyongeza hiyo lazima ionekane peke yake katika hati ya mshahara. Kumwambia mfanyakazi kwamba "likizo imo ndani ya mshahara" bila kuionyesha hakutoshi.

Anayeona tofauti huanza kwa kumwandikia mwajiri na kuomba aonyeshwe wiki zilizotumika. Wasipoelewana, shauri hupitia kwanza kwa taasisi ya usuluhishi ya Acas kabla ya kufika baraza la kazi, na muda wa kufungua dai ni mfupi.